Bei Inaporuka Ngazi: Siri ya Tabasamu la Opsheni za Siku Chache

Alhamisi ya tarehe 15 Januari 2015, saa nne na nusu asubuhi kwa saa za Zurich, Benki Kuu ya Uswisi ilitoa taarifa fupi. Tangu Septemba 2011 benki hiyo ilikuwa imeapa kwamba euro moja haitauzwa kwa chini ya faranga 1.20 za Uswisi, na ilikuwa tayari kununua euro bila kikomo ili kulinda kiwango hicho. Sasa ilisema ulinzi umekwisha. Katika dakika chache zilizofuata euro iliporomoka hadi chini ya faranga moja.

Wafanyabiashara wengi wa fedha za kigeni walikuwa wamenunua euro kwa pesa za mkopo, na walijiona wamejikinga. Walikuwa wamewaagiza madalali wao waziuze euro hizo mara tu bei ikigusa, tuseme, 1.19. Kwa hesabu yao, hasara kubwa kuliko zote ingekuwa senti moja kwa kila euro. Lakini kinga ya namna hiyo inahitaji mtu wa kununua kwa 1.19, na asubuhi ile hapakuwa na mnunuzi, wala kwa 1.18, wala kwa 1.15. Bei haikushuka ngazi kwa ngazi. Ilitoka juu ikaangukia chini, na maagizo yale yakatekelezwa huko ilikoangukia. Akaunti nyingi hazikuishia kwenye sifuri; zilibaki na deni. Kampuni ya udalali ya Alpari tawi la Uingereza ilifilisika, na nyingine ziliokolewa kwa mikopo ya haraka.

Tofauti hiyo, baina ya bei inayotembea na bei inayoruka, imewashughulisha wanahisabati wa masoko ya fedha kwa karibu nusu karne. Aliyeiandikia kanuni inayotumika hadi leo ni Mmarekani Robert Merton, katika makala aliyoichapisha mwaka 1976. Na anayetaka kuiona kanuni hiyo ikifanya kazi atazame kwenye soko la opsheni, hasa zile zinazobakiza siku chache kabla ya kuiva.

Opsheni ni haki inayouzwa. Mwenye hisa yenye bei ya dola 100 anaweza kununua haki ya kuiuza kwa dola 90 baada ya wiki moja, hata kama wakati huo sokoni itakuwa inauzwa kwa 80. Hisa ikibaki juu ya 90, haki hiyo haina faida na ada aliyolipa imekwenda. Ikianguka hadi 80, ameokoa dola 10. Kwa ufupi ni bima ya bei, na kama ilivyo kwa bima ya gari, swali gumu ni moja tu: ada iwe kiasi gani?

Jibu lililotikisa ulimwengu lilitoka mwaka 1973, mwaka uleule ambao soko rasmi la opsheni lilifunguliwa Chicago. Fischer Black na Myron Scholes walitoa kanuni, na Merton akaipa msingi wake mwingine wa kihisabati. Scholes na Merton walipewa Tuzo ya Nobeli ya Uchumi mwaka 1997. Black alikuwa ameshafariki miaka miwili kabla. Kanuni yao ilidhani kwamba bei hutembea kama chembe ya chavua inayoelea ndani ya maji: inasukumwa huku na huku, kila sekunde, kwa misukumo midogo isiyohesabika. Mfaransa Louis Bachelier alikuwa ameutumia mfano huohuo kwa soko la Paris katika tasnifu yake ya mwaka 1900. Wanahisabati huuita mwendo huu msambao.

Msambao una sifa mbili zinazohusika hapa. Ya kwanza ni kwamba njia yake haikatiki. Bei ikitoka 100 kwenda 90, lazima ipite 99, 98, 97 na kila kituo kilichopo katikati. Muuzaji wa opsheni basi anaweza kuifuata hatua kwa hatua, akiuza hisa kidogo kila inaposhuka, na hasara anayoipata kwenye opsheni ikafidiwa na faida anayoipata kwenye hisa. Sifa ya pili inahusu muda. Umbali ambao bei husogea kwa kawaida haukui sambamba na muda. Hukua kwa kipeuo chake cha pili. Muda ukizidishwa mara nne, umbali huongezeka mara mbili tu, kwa sababu misukumo mingi hufutana njiani.

Ichukuliwe hisa ambayo kwa mwaka husogea kwa asilimia 16. Kiwango hiki, yaani mkengeuko sanifu wa mwendo wa bei kwa mwaka, ndicho wenye masoko wanachokiita mtikisiko. Kwa kipeuo cha pili, hisa hiyohiyo kwa wiki moja husogea kwa kama asilimia 2.2, na kwa siku moja ya biashara kwa asilimia 1. Sasa iulizwe: ndani ya wiki moja, hisa hii inaweza kuanguka kutoka 100 hadi chini ya 90? Kuanguka huko ni zaidi ya mara nne na nusu ya mwendo wake wa kawaida wa wiki. Kwa mgawanyo wa umbo la kengele, ambao ndio unaotokana na msambao, jambo hilo hutokea takriban wiki moja katika kila wiki milioni moja, yaani mara moja katika miaka kama elfu ishirini.

Hakuna aliyekaa sokoni hata miaka kumi anayeweza kuliamini jibu hilo.

Merton hakulitupa wazo la msambao. Alisema kwamba siku nyingi bei husukumwa na habari ndogondogo za kawaida, na kwa siku hizo msambao unatosha. Lakini mara chache hufika habari nzito, kama uamuzi wa serikali, kesi mahakamani au mapato ya kampuni yasiyotarajiwa, na bei hukata njia na kuruka. Kwa hiyo aliongeza kitu cha pili juu ya msambao: mruko unaokuja bila ratiba. Nyakati zake hufuata mchakato wa Poisson, hesabu ileile inayotumika kukadiria simu ngapi zitaingia katika ofisi kwa saa moja. Modeli nzima basi inahitaji kujua mambo matatu: mtikisiko wa siku za kawaida, mirukо mingapi hutarajiwa kwa mwaka, na mruko ukitokea huwa wa ukubwa gani.

Uzuri wa jibu la Merton ni kwamba halihitaji mashine mpya. Kama ingejulikana kwamba hadi siku ya kuiva hapatakuwa na mruko wowote, opsheni ingepigwa bei kwa kanuni ya mwaka 1973 kama kawaida. Kama ingejulikana kwamba patakuwa na mruko mmoja, kanuni ni ileile, ila bei ya kuanzia inashushwa kwanza. Hivyohivyo kwa miwili, kwa mitatu. Ada ya kweli ni wastani wa majibu hayo yote, kila moja likipewa uzito kulingana na uwezekano wake.

Mfano mmoja mdogo unaonyesha yanayofuata. Hisa yetu ya dola 100 ibaki na mtikisiko wake wa kawaida wa asilimia 16, lakini sasa iongezewe mruko mmoja kwa mwaka, kwa wastani, unaoiangusha kwa asilimia 15 kwa mpigo. Ili hesabu isichafuke, riba iwe sifuri. Kama inavyotakiwa katika upangaji wa bei za opsheni, siku za kawaida hisa hupanda kidogo ili kufidia mruko unaotarajiwa. Ukijumlisha mtikisiko wa kawaida na ule unaoletwa na mruko, hisa hii kwa mwaka mzima ina mtikisiko wa karibu asilimia 22.8.

Turudi kwenye haki ya kuuza kwa dola 90 inayoiva baada ya wiki moja. Uwezekano wa mruko kutokea ndani ya wiki hiyo ni karibu moja ya hamsini na mbili, yaani kama asilimia 2. Ukitokea, hisa itakuwa inacheza karibu na dola 85, na haki ya kuuza kwa 90 itakuwa na thamani ya karibu dola 5. Asilimia 2 ya dola 5 ni kama senti 10. Hesabu kamili ya Merton inatoa senti 9.3. Uwezekano wa hisa kuwa chini ya 90 mwisho wa wiki umetoka moja katika milioni hadi karibu mbili katika mia.

Mtu anaweza kusema hapo pamefanyika hila, kwa kuwa hisa yenye mruko ina mtikisiko mkubwa zaidi kwa jumla. Basi tuipe kanuni ya zamani haki yake: tuipe mtikisiko wote wa asilimia 22.8, bila mruko. Sasa kuanguka chini ya 90 ndani ya wiki kunakuwa tukio la mara tano hivi katika elfu kumi, na ada ya opsheni haifiki hata sehemu ya kumi ya senti moja. Mtikisiko ni uleule kwa jumla, lakini ada ya mruko ni zaidi ya mara mia moja ya ile ya msambao. Kinachotofautiana ni jinsi mtikisiko huo ulivyogawanywa. Msambao umeupaka sawasawa kwenye siku zote kama siagi juu ya mkate; mruko umekusanya karibu nusu yake mahali pamoja.

Hii ndiyo maana ya mikia minene. Ukichora mara ngapi bei hufika wapi, umbo la kengele hushuka pande zote mbili na kutokomea upesi sana. Mruko huinua upande wa mbali wa mchoro, mahali ambapo kengele ingekuwa imeshagusa sakafu. Wakati huohuo katikati ya mchoro hupanda na kuwa nyembamba zaidi, kwa sababu wiki nyingi hazina mruko na huwa tulivu kuliko mtikisiko wa asilimia 22.8 unavyodai. Takwimu zina kipimo cha unene huo, ambacho kwa kengele safi ni sifuri. Kwa hisa ya mfano wetu, kipimo hicho kwa mwendo wa wiki moja ni karibu 13. Kwa mwendo wa mwaka mzima ni 0.26 tu.

Kutoka 13 hadi 0.26, kwa hisa ileile na mruko uleule! Unene wa mikia hupungua kwa uwiano wa moja kwa moja na muda: wiki hamsini na mbili, unene mara hamsini na mbili pungufu. Ndani ya mwaka mruko si jambo geni tena. Kuna uwezekano wa asilimia 63 kwamba utatokea angalau mmoja, na msambao nao umepata muda wa kusafiri mbali hata ukashindana nao kwa ukubwa. Mruko wa asilimia 15 unamezwa na mwendo wa kawaida wa asilimia 16. Ndani ya wiki, mruko huohuo unasimama peke yake, mbali, ambako msambao wa asilimia 2.2 hauwezi kufika.

Sasa tabasamu. Masoko ya opsheni yana desturi ya kutotaja ada kwa dola pekee. Wafanyabiashara huchukua ada iliyolipwa, wakaiingiza katika kanuni ya mwaka 1973 kinyumenyume, na kuuliza: ingebidi mtikisiko uwe asilimia ngapi ili kanuni itoe ada hii? Jibu ndilo mtikisiko unaodokezwa na bei. Kama kanuni ingekuwa sahihi, opsheni zote za hisa moja zingedokeza mtikisiko mmoja, na mchoro wake ungekuwa mstari ulionyooka kama meza. Palipo na mruko, mchoro hupinda.

Kwa opsheni yetu ya wiki moja, haki ya kuuza kwa dola 100, yaani kwa bei ya sasa, inagharimu dola 1.02 katika hesabu ya Merton. Ada hiyo inadokeza mtikisiko wa asilimia 18.4. Haki ya kuuza kwa 90, ile ya senti 9.3, inadokeza mtikisiko wa karibu asilimia 43.5. Kanuni ya zamani haijui neno mruko; njia pekee iliyo nayo ya kuifikisha hisa chini ya 90 ndani ya siku tano za biashara ni kuitikisa kwa nguvu kupita kiasi. Hisa ni moja, siku ya kuiva ni moja, na baina ya bei mbili pana pengo la pointi 25.

Kwa opsheni za mwaka mmoja mambo yanatulia. Haki ya kuuza kwa 100 inagharimu dola 8.85 na kudokeza asilimia 22.2. Haki ya kuuza kwa 90 inagharimu dola 4.54 na kudokeza asilimia 22.9. Pengo ni chini ya pointi moja. Ni kweli kwamba dola 10 ni umbali mkubwa kwa wiki na mdogo kwa mwaka, kwa hiyo sehemu ya tofauti hii inatokana na kipimo chenyewe. Lakini hata bei zikipimwa kwa hatua za mkengeuko sanifu badala ya dola, mchoro wa mwaka bado hukaa bapa zaidi, kwa sababu ileile iliyoshusha unene wa mikia kutoka 13 hadi 0.26.

Kiini cha yote ni mbio mbili zinazokwenda kwa kasi tofauti. Muda unapopungua, uwezekano wa msambao kufika mbali hauporomoki taratibu, unayeyuka. Uwezekano wa mruko unapungua kwa uwiano tu: nusu ya muda, nusu ya uwezekano. Ukubwa wa mruko haupungui hata kidogo. Opsheni yetu ya 90 ikibakiza siku moja ya biashara, ada yake bado ni karibu senti mbili, yaani takriban sehemu ya tano ya ada ya siku tano. Kwa msambao pekee ingekuwa sifuri kwa kila hali inayoweza kuandikwa kwenye risiti. Ndiyo maana tabasamu huzidi kuwa kali kadiri siku ya kuiva inavyokaribia.

Mchoro huu haukuonekana sokoni tangu mwanzo. Kwa opsheni za faharasa ya S&P 500 za Chicago, mstari ulikuwa karibu umenyooka hadi mwaka 1987. Halafu ikaja Jumatatu ya tarehe 19 Oktoba. Faharasa ya Dow Jones ilianguka kwa asilimia 22.6 kwa siku moja, na S&P 500 kwa zaidi ya asilimia 20. Hisa za kampuni kadhaa kubwa hazikufunguliwa kwa muda baada ya kengele ya asubuhi, kwa sababu maagizo ya kuuza yalizidi mno ya kununua, na zilipofunguliwa bei zilikuwa mbali na zile za Ijumaa. Mikataba ya faharasa inayolipwa siku za mbele ilianguka kwa asilimia 29. Jens Jackwerth na Mark Rubinstein walikokotoa baadaye uwezekano wa anguko hilo kwa umbo la kengele lenye mtikisiko wa asilimia 20 kwa mwaka: ni nukta ya desimali ikifuatiwa na sifuri 159 kabla ya tarakimu ya kwanza. Namba hiyo ni hukumu dhidi ya umbo la kengele.

Rubinstein alilifahamu jambo hilo kwa karibu kuliko wengi. Yeye na Hayne Leland walikuwa waasisi wa kampuni iliyowauzia wawekezaji wakubwa kinga iliyotengenezwa kwa kuuza hisa kidogokidogo kila soko linaposhuka, sawasawa na mbinu ya kufuata bei hatua kwa hatua. Jumatatu ile hatua zilikosekana, na wote waliotakiwa kuuza walitakiwa kuuza kwa pamoja. Tangu hapo haki za kuuza za bei ya chini hazikurudi tena kuwa rahisi. Kwa hisa na faharasa mchoro umeinama upande mmoja, upande wa anguko, kwa kuwa huko ndiko soko linakoogopa mruko. Kwa jozi za fedha za kigeni, ambako bei inaweza kuruka upande wowote, ncha zote mbili huinuka na tabasamu huwa kamili.

Wapo waliojaribu kulieleza tabasamu bila mruko. Steven Heston, mwaka 1993, alitoa modeli ambamo mtikisiko wenyewe hupanda na kushuka baada ya muda. Inafanya kazi nzuri kwa opsheni za miezi na miaka, lakini kwa wiki moja inakwama: mtikisiko nao unatembea bila kuruka, na siku tano hazitoshi kuufikisha mbali. Mwaka 1996 David Bates aliziunganisha njia mbili hizo, mruko ukibeba tabasamu la siku chache na mtikisiko unaobadilika ukibeba la muda mrefu. Muungano huo ulihitajika kwa sababu modeli ya Merton ikiwa peke yake ina kasoro ya upande wa pili: kwa opsheni za mbali mchoro wake hunyooka haraka kuliko ule wa sokoni.

Kuna jaribio la kutambua kama ni mruko kweli, na ni rahisi kulielewa. Mwaka 2003 Peter Carr na Liuren Wu walipendekeza kuangalia jinsi ada za opsheni za mbali na bei ya sasa zinavyofifia siku ya kuiva inapokaribia. Zikipungua sambamba na muda, kama senti zetu 9.3 zilivyoshuka hadi senti mbili, kuna mruko ndani yake. Zikitoweka ghafla kabisa, ni msambao mtupu. Walipolijaribu kwa opsheni za S&P 500, walikuta mambo yote mawili, msambao na mruko.

Udhaifu mkubwa wa modeli uko kwenye kinga. Palipo na mruko, muuzaji wa opsheni hawezi kujikinga kikamilifu kwa kununua na kuuza hisa ileile, kwa kuwa bei haimpi nafasi katikati ya njia. Merton aliivuka shida hiyo kwa kudhani kwamba mruko ni wa kampuni moja moja, na mwenye hisa za kampuni nyingi anaweza kuusambaza hadi ukamalizana. Kwa kampuni iliyopoteza kesi, dhana hiyo inakubalika. Kwa tarehe 19 Oktoba 1987, hisa zilipoanguka pamoja karibu zote, haikubaliki, na anayeuza kinga dhidi ya siku kama hiyo hudai malipo ya ziada kwa kuibeba hatari. Kwa hiyo idadi na ukubwa wa miruko inayosomwa kwenye bei za opsheni kwa kawaida ni zaidi ya ile iliyotokea katika historia. Asomaye namba hizo kama utabiri anachanganya hofu na hesabu.

Udhaifu mwingine ni kwamba miruko mingine ina tarehe. Kampuni hutangaza mapato yake siku inayojulikana, mara nyingi soko likiwa limefungwa. Tarehe 2 Februari 2022 hisa ya Meta, wenye Facebook, ilifunga kwa dola 323. Jioni ile matokeo yalitangazwa, na kesho yake ilifunga kwa dola 237.76. Lilikuwa anguko la asilimia 26, na zaidi ya dola bilioni 230 za thamani ya kampuni zikapotea kwa siku moja. Mchakato wa Poisson, ambao haujui kalenda, haufai kwa usiku kama huo. Wafanyabiashara huuweka mruko wa tangazo peke yake, kwenye tarehe yake, na opsheni inayoiva kesho yake huubeba mzima mzima.

Tangu mwaka 2022 opsheni za S&P 500 huiva kila siku ya biashara, na zile zinazonunuliwa na kuiva siku hiyohiyo zimekuwa na wafuasi wengi, wakiwemo watu binafsi wanaofanya biashara kwa simu. Anayevutwa kuuza haki za kuuza za bei ya chini kwa sababu zinaonekana kulipa "mtikisiko wa asilimia 43" wakati soko limetulia, aziandike kwanza namba mbili ambazo asilimia hiyo inazificha: mruko una uwezekano gani kabla ya kuiva, na ukitokea atalipa kiasi gani. Katika mfano wetu anapokea senti 9.3, na takriban wiki moja katika kila hamsini na mbili atalipa karibu dola 5. Namba hizo mbili ndizo bei ya opsheni yake, na kabla hajabonyeza kitufe cha kuuza ahakikishe kwamba hizo dola 5 anazo.